Kupandisha bei kwa wateja wa siku nyingi: vipi itangazwe, na deni la daftari lihesabiwe vipi?



Miongoni mwa maswali yanayoletwa na ndugu zetu wafanyabiashara ni hili la bei. Mtu ana wateja waliomzoea kwa miaka, wengine ni jirani zake, wengine wanasali naye msikiti mmoja. Gharama zimempanda na bei ya zamani haimtoshi tena, lakini anaona haya kuwaambia. Akinyamaza anakula mtaji wake. Akiipandisha kienyeji anaonekana mwenye tamaa.

Tuanze na hukumu, kwani ni fupi. Kupandisha bei ya mali yako kwa siku zijazo kunajuzu. Bei za vitu zilipopanda Madina katika zama za Mtume (Swalla Allaahu ‘alayhi wa sallam), watu walimuomba awapangie bei akakataa, kwa kuchelea asije akakutana na Mola wake hali ya kuwa amemdhulumu mtu katika mali yake. Habari hiyo imepokewa kwa Anas bin Malik na wameitoa Abu Daud na Tirmidhi. Kwa hiyo mas-ala yetu hayako katika kupandisha kwenyewe. Yako katika namna ya kupandisha na katika yale yaliyokwisha kuuzwa kabla ya bei mpya.

Tuchukue mfano wa muokaji wa boflo anayepeleka mikate asubuhi na mapema kwenye maduka ya mtaani na mahoteli. Takwimu tutakazotumia ni za mfano tu. Kila mtu aweke zake.

Kwanza, hesabu

Polo moja la unga la kilo 50 linamtolea boflo 600 hivi. Alipopanga bei yake ya zamani, unga ulimgharimu shilingi 70,000, hamira, mafuta, sukari na chumvi 14,000, kuni 12,000, vijana wawili wa kazi 20,000 na usafiri 8,000. Jumla ni 124,000. Aliuza kwa wenye maduka shilingi 250 kwa mkate, akapata 150,000. Kilichobaki ni 26,000 kwa kila polo, na humo ndimo hutoka posho yake, kodi ya banda na matengenezo ya tanuri.

Sasa unga umefika 82,000, hamira na vikorombwezo vyake 16,000, kuni 15,000, usafiri 9,000, na vijana bado anawapa 20,000. Jumla ni 142,000. Akibaki na bei ya 250, kinachobaki ni 8,000. Hapo ndipo wengi hujidanganya, kwani fedha bado zinaingia mkononi kila siku na polo jipya linanunuliwa. Siku tanuri likipasuka ndipo huonekana kuwa hakuna akiba.

Gharama zimeongezeka kwa 18,000. Zigawe kwa mikate 600, utapata shilingi 30. Basi bei mpya ni 280, na atabakiwa na 26,000 ile ile ya mwanzo. Hii ndiyo bei anayoweza kuitetea mbele ya yeyote, kwa sababu hakuongeza faida, amerudisha kilichoondoka tu. Akitaka kuongeza na faida si haramu, lakini hapo asiseme kuwa ni unga peke yake.

Jengine la kulipima kabla ya kutangaza ni hofu ya kupoteza wateja. Vijana na usafiri, jumla 29,000, atawalipa hata mikate ikipungua. Vilivyobaki hupungua pamoja na mikate, na kwa kila boflo ni kama shilingi 188. Kwa bei ya 280, kila mkate unamwachia shilingi 92 hivi. Akiuza mikate 400 tu badala ya 600, atabaki na kitu karibu na ile 8,000 ambayo angelibaki nayo bila kupandisha. Maana yake ni kuwa hata karibu theluthi ya biashara ikiondoka, hali yake itakuwa takriban sawa na ya kunyamaza. Akilijua hilo, atazungumza na wateja wake kwa utulivu.

Pili, wateja si wa aina moja

Hapa ndipo penye hatari ya dini, kwa hiyo tuparefushe kidogo.

Wapo wanaolipa papo kwa papo. Kwa hawa bei mpya inaanza siku iliyotangazwa, na mambo yamekwisha.

Wapo wa daftari, wanaochukua kila siku na kulipa mwisho wa wiki au wa mwezi. Mkate uliochukuliwa jana umeshauzwa kwa 250, na deni lake limeshakaa kwa 250. Haijuzu kulihesabu kwa 280 eti kwa kuwa malipo yanafanyika baada ya bei kupanda. Kuongeza juu ya deni lililokwisha thibiti kwa sababu ya kuchelewa ndiyo riba ambayo Qur-aan imeiharamisha, hata ikiitwa bei mpya. Dawa yake ni nyepesi: usiku wa kuamkia tarehe ya bei mpya, piga mstari katika daftari la kila mteja, jumlisha vilivyo juu ya mstari kwa bei ya zamani, umuoneshe mteja jumla hiyo, kisha anza chini ya mstari kwa bei mpya. Ubishi mwingi wa mwisho wa mwezi hutokana na kukosekana mstari huo.

Kama unataka wa mkopo alipe bei tofauti na wa fedha taslimu, wanazuoni walio wengi wamejuzisha, kwa sharti kuwa mnakubaliana bei moja iliyo wazi kabla ya kuondoka na mali. Huwezi kumwambia, “Chukua, ukilipa mapema 280, ukichelewa 300,” mkaachana bila ya kujua mmeuziana kwa ipi.

Na wapo waliolipa kabla, kama wenye harusi au khitma walioagiza mikate 200 wakatoa fedha yote. Hao bei yao imefungwa, na Allah ameamrisha katika mwanzo wa Suuratul-Maaidah kutimiza mikataba. Wape mikate yao kamili kwa uzito ule ule, hata ikiwa utapata hasara siku hiyo. Aliyeagiza bila ya kulipa lakini ukamtajia bei, hiyo ni ahadi, na muungwana hutimiza ahadi yake.

Tatu, namna ya kuwaambia

Mwenye duka naye ana wateja wake. Akinunua kwa 250 na kuuza 300, anapata 50. Ukimpelekea kwa 280 bila ya taarifa, asubuhi hiyo anabakiwa na 20 tu, na hana la kuwajibu watu wake. Kwa hiyo mpe muda, wiki mbili kwa uchache, na kwa anayelipa mwisho wa mwezi mpe mwezi mzima. Usiianzishe bei katika siku za mwanzo za Ramadhani. Hata kama sababu yako ni ya kweli, watu watasema umengojea shida yao. Ikibidi, itangulize Shaabani mapema.

Wa zamani kabisa waambie kwa mdomo, tena wewe mwenyewe, si kwa kijana anayepeleka mikate. Mtu aliyechukua mikate yako miaka kumi asisome habari hii ukutani. Baada ya hapo ndipo uandike karatasi au upeleke ujumbe wa simu kwa wote siku moja, kwa maneno kama haya:

“Assalaamu ‘alaykum. Napenda kuwaarifu kuwa kuanzia tarehe 1 ya mwezi ujao boflo kwa wenye maduka itakuwa shilingi 280 badala ya 250. Mikate 40 itakuwa shilingi 11,200 badala ya 10,000. Unga, hamira, kuni na usafiri vimepanda, na nimeongeza kiasi cha kupanda huko tu. Uzito wa mkate haukubadilika. Iliyochukuliwa kabla ya tarehe hiyo italipwa kwa bei ya zamani, na waliokwisha lipa hawaongezi kitu. Mwenye la kusema anijie kabla ya tarehe hiyo. Nawashukuru kwa kuniunga mkono.”

Angalieni kilichomo: bei ya zamani na mpya, tarehe, sababu kwa sentensi moja, kisichobadilika, na haki ya aliyekwisha nunua. Havimo viapo wala hadithi ya ada za watoto na maradhi ya nyumbani. Shida zako zinaweza kuwa kweli, lakini mteja akizisikia huona anaombwa sadaka, na kesho atakuja na shida zake kutaka umpunguzie.

Akikuuliza, “Mbona fulani hajapandisha?” usimseme fulani. Mwambie, “Yeye anajua hesabu yake, mimi hii ndiyo yangu.” Anayelemewa mpe njia ya kweli: apunguze idadi, au achukue mingi na kulipa taslimu kwa bei mtakayokubaliana. Ukiwapunguzia wengine, kiwepo kigezo unachoweza kukitaja mbele ya wote, kama idadi au malipo ya papo kwa papo. Punguzo la siri kwa rafiki likijulikana huvunja yote uliyoyajenga.

Yanayoharibu

La kwanza ni kubakisha bei na kupunguza mkate kimya kimya. Boflo ndogo kwa bei ndogo si kosa, ikiwa mteja ameambiwa. Lakini aliyezoea uzito fulani akapewa pungufu bila ya kujua, amefichwa. Mtume (Swalla Allaahu ‘alayhi wa sallam) alitia mkono katika rundo la nafaka akakuta maji chini yake, na akamkemea muuzaji kwa kutoliweka lililorowa juu watu walione, kama ilivyo katika Sahihi Muslim.

La pili ni uongo katika mtaji. Si lazima kumtajia mteja umenunua unga kwa kiasi gani, lakini ukitaja, taja kweli. Na usiape “Wallahi nimenunua kwa kadha,” kwani imepokewa katika Bukhari na Muslim kuwa kiapo huiuza bidhaa na hufuta baraka.

La tatu ni kusahau njia ya kurudi. Ukisema sababu ni unga, unga ukishuka watu watakuangalia. Weka tarehe, tuseme baada ya miezi mitatu, ufanye hesabu upya. Polo likirudi 70,000, nawe shusha kwa kadiri yake bila ya kungoja kuulizwa. Mteja aliyeona bei yako imeshuka mara moja atakuamini utakapopandisha mara nyengine.

Katika wiki nne za mwanzo, hesabu mikate inayorudi na inayochukuliwa kwa kila duka. Anayelalamika lakini anachukua ile ile ameshakubali. Anayenyamaza na kupunguza kidogo kidogo ndiye wa kumfuata dukani kwake, ukae naye, umsikilize.

Wa Allaahu a‘lam.