Krimu ya sokoni ilivyomzidishia bi harusi chunusi

Wiki 12 kabla ya harusi yake, msichana mmoja wa miaka 24 alikuwa akijifunika mtandio hadi mashavuni, hata akienda dukani. Krimu aliyonunua sokoni ilimlainisha uso kwa siku chache, kisha chunusi zikarudi nyingi zaidi, na ngozi ikawa nyembamba na ya kuwasha.

Shangazi yake alimpeleka kituo cha afya. Tabibu aliomba kuiona krimu hiyo. Ilikuwa na betamethasoni, dawa ya steroidi ambayo hutuliza uvimbe kwa muda, lakini ikipakwa usoni kwa wiki nyingi yenyewe huleta chunusi.

Aliambiwa aiache, na kwamba uso ungeweza kuharibika zaidi kwanza kabla ya kupona. Alipewa jeli ya benzoili peroksaidi, apake kiasi kidogo kila usiku kwenye sehemu yote yenye chunusi, si juu ya vipele pekee. Jeli hiyo hukausha ngozi na huchujua rangi ya foronya. Nafuu alianza kuiona baada ya wiki 8.

Siku ya harusi yalibaki madoa machache. Poda nyepesi ilitosha.

Anayekwenda kutibiwa chunusi abebe kila krimu anayotumia, na aseme iwapo ni mjamzito.