Sukari Iliyogoma Kupanda

Kijana aliingia dukani kwangu Alhamisi asubuhi, macho mekundu kwa kukosa usingizi. "Dokta, naomba vijiti vya kupimia sukari. Vya mama vimeisha, tumempima usiku kucha." Nikamwomba kijitabu cha vipimo. Saa kumi alfajiri mama alikuwa na 2.8. Wakampa maji ya sukari, ikapanda hadi 5.4. Saa moja asubuhi ilikuwa 3.1, wakampa soda. Saa tatu, 2.9. Ikiwa chini ya 3.9 sukari imeshuka. Chini ya 3.0 ubongo unaanza kukosa chakula chake.

"Kaka, wiki hii mama ameongezewa dawa gani?"

"Septrini tu, ya mkojo. Ameanza Jumatatu."

Neno hilo "tu" ndilo lililonifanya nimpigie daktari hapo hapo, kisha nikampa kijana barua hii aende nayo:

"Daktari, salaam. Mgonjwa wako, mama wa miaka 68, anatumia glibenklamidi miligramu 5 asubuhi na jioni, pamoja na metformini. Jumatatu aliongezewa kotrimoksazoli miligramu 960 mara mbili kwa siku. Tangu alfajiri ya leo sukari yake imeshuka mara tatu: 2.8, 3.1 na 2.9. Mwanawe anasema anakula kama kawaida, na vidonge vilivyobaki nimevihesabu, hakuzidisha. Kreatinini yake ya mwezi uliopita ilikuwa 130. Nashuku antibayotiki imeongeza nguvu ya glibenklamidi. Naomba uzisimamishe zote mbili, na achaguliwe antibayotiki nyingine inayofaa kwa figo zake. Tafadhali asiruhusiwe kurudi nyumbani kwa kipimo kimoja kizuri."

Hakuna aliyekosea dozi. Glibenklamidi hulilazimisha kongosho kutoa insulini, hata pale ambapo sukari ya mwilini haihitaji kushushwa. Baada ya kazi hiyo ini huivunja, na mabaki yake, ambayo bado yana nguvu kiasi, hutolewa kwa sehemu kupitia figo. Septrini huizuia ini isiivunje kwa kasi yake ya kawaida. Kidonge kile kile cha miligramu 5 kinakaa mwilini muda mrefu zaidi, kinachofuata kinakikuta bado kinafanya kazi. Figo za mama huyu zilikuwa zimedhoofika, kwa hiyo Septrini yenyewe, pamoja na mabaki yale, vilichelewa kutoka. Ndiyo maana siku ya kwanza ilipita salama na shida ikaja usiku wa tatu.

Dawa hizi ni ndugu wa damu. Mwaka 1942, huko Montpellier, Ufaransa, daktari Marcel Janbon alikuwa akijaribu dawa ya jamii ya salfa kwa wagonjwa wa homa ya matumbo. Sukari yao ikashuka vibaya. Mwenzake, Auguste Loubatières, aliifuatilia ajali hiyo, na humo ndimo zilimozaliwa dawa za kisukari za ukoo wa glibenklamidi. Septrini nayo ina salfa ndani yake, na katika figo mbovu inaweza kushusha sukari hata kwa mtu asiye na kisukari.

Familia ile ilifanya sawa kumpa sukari. Vijiko vitatu au vinne vya chai ndani ya maji, kisha kupima baada ya dakika 15, ndiyo huduma ya kwanza kwa mtu anayeweza kumeza. Aliyepoteza fahamu asimiminiwe kitu mdomoni. Lakini hapa sukari haitoshi. Maji yale yanaisha upesi, dawa bado imo, na sukari iliyoingia inalichochea kongosho litoe insulini zaidi. Inapanda, inashuka tena. Kwa hiyo mtu wa namna hii hulazwa na kupimwa mara kwa mara kwa saa 24 au zaidi. Nyumbani hatari kubwa ni usingizi: jasho na kutetemeka huchukuliwa kuwa malaria, na mzee anayeongea maneno yasiyoeleweka huachwa alale.

Daktari alinipigia mchana. Aliwaza kumbadilishia siprofloksasini. Nikamwomba asifanye hivyo, kwani nayo huligusa kongosho na kushusha sukari kwa njia yake yenyewe. Tukakubaliana sefaleksini, kwa dozi ya figo zake, huku majibu ya kuotesha mkojo yakisubiriwa.

Mama alilazwa siku mbili. Usiku wa kwanza sukari ilishuka tena mara moja, akiwa kwenye dripu ya glukosi. Glibenklamidi hakurudishiwa, orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani yenyewe inasema haiwafai waliozidi miaka 60. Alitoka na metformini peke yake, pamoja na tarehe ya kupimwa upya. Jumatatu kijana alirudi na pakiti ya glibenklamidi iliyobaki, akaiweka juu ya kaunta. Mama alikuwa ameificha kabatini, asije akaitupa bure.