Kutoka Daftari la Saa Hadi Ankara

Ankara ya kazi inayolipwa kwa saa hutengenezwa kwa kanuni nne: muda unapandishwa vipi, kima cha chini ni kipi, kila cheo kinalipwa kiasi gani, na kila moja ya kanuni hizo inatumika juu ya kitu gani. Hiyo ya nne ndiyo inayosahaulika zaidi kwenye mikataba, na ndiyo inayoleta ugomvi. Watu wawili wanaweza kupewa daftari moja la saa, bei zilezile na kanuni zilezile, kila mmoja akatoa jumla yake.

Mfano mzuri ni kampuni ndogo ya mafundi wa kompyuta inayohudumia ofisi ya mteja. Mkataba unasema fundi wa kawaida analipwa shilingi 60,000 kwa saa na fundi mkuu shilingi 90,000. Muda hupandishwa hadi robo saa inayofuata, na fundi akifika ofisini kwa mteja, malipo hayapungui saa moja. Daftari la Machi linaonyesha kazi nne. Tarehe 3 fundi wa kawaida alipokea simu tatu za dakika 7, 6 na 8. Tarehe 5 alikwenda kwa mteja kwa dakika 40. Tarehe 12 alikwenda tena, akafanya kazi dakika 35, akatoka kununua waya, kisha akarudi na kumalizia kwa dakika 20. Tarehe 18 fundi mkuu alikaa huko saa moja na dakika 50.

Hatua ya kwanza ni kuuweka muda wote katika dakika. Saa moja na dakika 50 ni dakika 110. Si saa 1.50, kosa linalojitokeza mara nyingi pale dakika zinapoandikwa baada ya nukta. Hata desimali iliyo sahihi ina kasoro yake. Dakika 20 ni theluthi ya saa, na mfumo unaoihifadhi kama 0.33 hupoteza kidogo kila mara. Ndiyo sababu mawakili wengi duniani huhesabu kwa vipande vya dakika sita: dakika sita ni sehemu ya kumi ya saa, yaani 0.1 kamili, na hakuna kinachobaki. Anayetumia robo saa naye yuko salama, kwa kuwa robo ni 0.25 kamili, mradi apandishe muda kabla ya kuugeuza kuwa saa.

Hatua ya pili ni kupandisha, na hapa swali ni kinapandishwa nini. Simu tatu za tarehe 3 zilichukua dakika 21. Kila simu ikipandishwa peke yake, zinakuwa robo tatu, na mteja analipa shilingi 45,000. Simu za siku moja zikijumlishwa kwanza, dakika 21 zinakuwa 30, na malipo ni shilingi 30,000. Kuna pia mtindo wa kupeleka muda kwenye robo iliyo karibu, juu au chini. Kwa mtindo huo dakika 7 na dakika 6 zinashuka hadi sifuri, dakika 8 zinapanda hadi 15, na kampuni inalipwa shilingi 15,000 tu. Mtindo wowote unaweza kutumika. Ila kila mmoja una jumla yake, na neno “robo saa” peke yake kwenye mkataba halisemi ni upi uliokubaliwa. Katika mfano huu, wacha ichukuliwe kwamba pande mbili zilikubaliana kujumlisha kwa siku.

Hatua ya tatu ni kima cha chini, na kinakuja baada ya kupandisha. Dakika 40 za tarehe 5 zinapanda hadi 45, kisha zinalinganishwa na saa moja, na kile kilicho kikubwa ndicho kinachochukuliwa. Kima cha chini hakiongezwi juu ya muda uliofanywa. Kinachukua nafasi yake unapopungua. Anayejumlisha robo tatu na saa moja amemtoza mteja mara mbili kwa safari moja.

Tarehe 12 inaonyesha hatari iliyo kubwa zaidi. Safari ilikuwa moja, lakini daftari lina mistari miwili, dakika 35 na dakika 20. Mfumo unaoweka kima cha chini kwa kila mstari utatoza saa mbili. Kima hicho kimewekwa kufidia safari, yaani nauli na muda wa njiani, kwa hiyo kinastahili kuhesabiwa kwa safari. Dakika 35 na 20 ni 55, zinapanda hadi 60, na kima cha chini kimeshatimia. Ili hesabu hii iwezekane, daftari lazima liwe na alama inayounganisha mistari ya safari moja, kama vile namba ya kazi. Tarehe peke yake haitoshi, kwa sababu fundi anaweza kuitwa asubuhi, akaondoka, na kuitwa tena jioni.

Hatua ya nne ni bei ya cheo. Kila mstari wa daftari unapaswa kubeba cheo na bei ya siku kazi ilipofanyika. Tuseme bei ya fundi wa kawaida ilipanda hadi shilingi 70,000 kuanzia tarehe 1 Aprili, na ankara ya Machi ikaandaliwa tarehe 4. Mfumo unaosoma bei ya siku ya ankara utazitoza saa mbili na nusu za Machi shilingi 175,000 badala ya 150,000. Hali kadhalika, fundi aliyepandishwa cheo asibadilishiwe bei ya kazi alizofanya kabla ya kupanda.

Baada ya hapo ankara inaandikwa, mstari mmoja kwa kila kazi:

- Tarehe 3, fundi, simu tatu: dakika 21, zimetozwa 30. Shilingi 30,000.
- Tarehe 5, fundi, safari: dakika 40, kima cha chini saa 1. Shilingi 60,000.
- Tarehe 12, fundi, safari: dakika 55, zimetozwa saa 1. Shilingi 60,000.
- Tarehe 18, fundi mkuu, safari: saa 1 na dakika 50, zimetozwa saa 2. Shilingi 180,000.

Jumla ni shilingi 330,000. Kwa kampuni ya Tanzania Bara iliyosajiliwa kwa Kodi ya Ongezeko la Thamani, asilimia 18 inakokotolewa juu ya jumla hiyo, nayo ni shilingi 59,400, na mteja analipa 389,400. Muda halisi unaonyeshwa kando ya uliotozwa kwa sababu mteja ana daftari lake la wageni getini. Akikuta huko dakika 40 na kwenye ankara saa moja bila maelezo, ataona ameibiwa, hata kama mkataba unaruhusu.

Daftari hilohilo, kwa kupandisha kila simu na kutoza kima cha chini kwa kila mstari, lingetoa shilingi 405,000 kabla ya kodi. Tofauti ya shilingi 75,000 haikutokana na bei wala na saa za kazi. Njia rahisi ya kuigundua ni kulinganisha dakika zilizofanywa na zilizotozwa: hapa ni 226 kwa 270. Mwanya ukikua ghafla mwezi mmoja ilhali kazi ni zilezile, mistari ya kuangaliwa kwanza ni ile mifupi na ile ya safari moja iliyogawanyika. Mwisho, kila mstari uliokwisha kutozwa hupigwa namba ya ankara na kufungwa, usije ukahesabiwa tena mwezi unaofuata.