Sifuri ya Selsiasi si Sifuri ya Gesi

Swali ni la kawaida katika mitihani ya fizikia na kemia. Gesi yenye ujazo wa sentimita za ujazo 250 katika nyuzi 27 za Selsiasi inapashwa moto hadi nyuzi 87, presha yake ikibaki ile ile. Ujazo wake mpya ni upi? Mwanafunzi anaandika kanuni ya Charles bila kukosea, V₁/T₁ = V₂/T₂, anaweka namba mahali pake, anazidisha 250 kwa 87, anagawa kwa 27, na kupata 806. Hesabu ameifanya vizuri, kanuni ameikumbuka, hata kizio ameandika. Karatasi inarudi na mkasi mwekundu.

Jibu sahihi ni 300. Kilichotakiwa ni kuongeza 273 kwenye kila halijoto kabla ya kuiingiza katika kanuni, ili 27 iwe 300 na 87 iwe 360. Ukizidisha 250 kwa 360 na kugawa kwa 300, unapata sentimita za ujazo 300 kamili. Wanafunzi wengi huambiwa hivyo na kuishia hapo: "Badilisha kwanza iwe kelvini." Agizo hilo bila sababu yake husahaulika mara mtihani unapobana, kwa hiyo sababu yenyewe inastahili kuelezwa kwa utulivu.

Tazama kwanza jibu la 806 linadai nini. Linadai kwamba hewa iliyotoka kwenye joto la mchana wa Dar es Salaam ikafika kwenye joto la maji yanayokaribia kuchemka imevimba zaidi ya mara tatu. Kama ingekuwa hivyo, chupa tupu iliyofunikwa vizuri na kuwekwa juu ya maji ya moto ingekuwa hatari kama baruti. Tena, yuleyule mwanafunzi akiulizwa ujazo wa gesi hiyo ikipozwa hadi nyuzi 0, njia yake itampa sifuri: gesi imetoweka katika baridi ya barafu tu. Ikipozwa hadi nyuzi 10 chini ya sifuri, ujazo utakuwa hasi, kitu ambacho hakuna chombo kinachoweza kukibeba.

Kuna jaribio jingine linaloiumbua njia hiyo vizuri zaidi. Pima halijoto zilezile kwa Farenhaiti: 27 inakuwa 80.6, na 87 inakuwa 188.6. Fanya hesabu kwa njia ileile ya makosa na utapata 585. Sasa rudi mwaka 1742, wakati Mswidi Anders Celsius alipopendekeza kipimo chake. Yeye aliweka 0 pale maji yanapochemka na 100 pale barafu inapoyeyuka, kinyume cha tunavyotumia leo, kiligeuzwa baadaye. Katika kipimo chake cha asili, nyuzi zetu 27 zingeandikwa 73, na 87 zingeandikwa 13. Njia ileile ingetoa ujazo wa kama 45, yaani gesi iliyopashwa moto imesinyaa. Gesi ni moja, moto ni mmoja, lakini majibu ni 806, 585 na 45, kwa sababu tu watu walichagua mahali tofauti pa kuanzia kuhesabu. Gesi haijui tulianzia wapi.

Hapo ndipo penye kiini cha kosa. Kanuni ya Charles haiulizi halijoto imepanda kwa nyuzi ngapi. Inauliza halijoto mpya ni mara ngapi ya ile ya zamani. Swali la "mara ngapi" lina maana pale tu sifuri ya kipimo inapokuwa sifuri ya kitu chenyewe. Sisi tunaosema Kiswahili tunalijua jambo hili kutokana na saa zetu. Mlinzi aliyeingia zamu saa 6 usiku, ikifika saa 2 asubuhi amefanya kazi kwa muda wa saa 8. Ikifika saa 4 amefanya kwa saa 10. Mtu akisema kwamba 4 ni mara mbili ya 2, basi mlinzi alipwe mara mbili, atakuwa ameanza kuhesabu alfajiri kazi iliyoanza usiku wa manane. Lakini akiuliza ni muda gani umepita kati ya saa 2 na saa 4, jibu lake la saa mbili ni sahihi popote alipoanzia kuhesabu.

Tofauti hiyo kati ya "mara ngapi" na "kwa kiasi gani" ndiyo inayowatega wanafunzi. Katika mada ya kiasi cha joto walikuwa wamepasha maji kutoka nyuzi 20 hadi 70, wakatoa, wakapata 50, na wakapewa maksi zote. Wangetumia kelvini wangetoa 293 kwenye 343 na kupata 50 ileile. Selsiasi haikuwaletea shida kwa sababu kilichotakiwa kilikuwa tofauti. Wakifika kwenye gesi wanaendelea na mazoea hayo bila kutambua kwamba swali limebadilika. Wengine huchanganya mambo upande wa pili: wakiambiwa halijoto imeongezeka kwa nyuzi 60, wanaongeza 273 kwenye hizo 60. Nyongeza ya nyuzi 60 za Selsiasi ni nyongeza ya kelvini 60, basi. Inayoongezewa 273 ni halijoto yenyewe, ile ya mwanzo na ile ya mwisho.

Sasa hiyo 273 imetoka wapi? Imetoka kwenye gesi zenyewe. Mfaransa Jacques Charles alikuwa ameona kuvimba kwa gesi kunako mwaka 1787 bila kuchapisha alichokipata. Mwenzake Joseph Louis Gay-Lussac alipima kwa makini na kuchapisha mwaka 1802, akimtaja Charles. Alichokiona ni kwamba gesi mbalimbali, zikitolewa kwenye nyuzi 0 hadi 100, huvimba kwa sehemu ileile. Kwa vipimo vyake, kila nyuzi moja iliongeza ujazo kwa karibu sehemu moja kati ya 267 ya ujazo uliokuwepo kwenye nyuzi 0. Vipimo vya baadaye viliisogeza namba hiyo hadi 273.

Maabara nyingi za shule huirudia kazi hiyo kwa mrija mwembamba wa kioo uliozibwa chini, wenye hewa kavu iliyofungiwa na uzi mfupi wa asidi kali ya salfuriki. Mrija unafungwa kando ya rula na kipimajoto ndani ya maji yanayopashwa polepole, na urefu wa hewa unasomwa kila nyuzi zinapopanda. Ukichora grafu ya urefu dhidi ya nyuzi za Selsiasi, nukta zinapanga mstari ulionyooka. Wengi huridhika na unyoofu huo na kusema viwili hivi ni sawia. Tazama tena: mstari haupiti kwenye kona ambapo sifuri mbili zinakutana. Kwenye nyuzi 0 bado hewa ipo, tena nyingi. Mstari ulionyooka usiopita kwenye kona hiyo hauruhusu kugawanya namba moja kwa nyingine jinsi kanuni inavyofanya. Chukua rula uurefushe mstari kurudi nyuma kushoto, na utakutana na ujazo wa sifuri karibu na nyuzi 273 chini ya sifuri. Hamishia mwanzo wa kuhesabu hapo, na ghafla ujazo na halijoto vinakuwa sawia kweli. Kuongeza 273 ni kuhamisha mwanzo huo, hakuna zaidi.

Mwaka 1848 William Thomson wa Glasgow, ambaye baadaye alipewa cheo cha Lord Kelvin, alipendekeza kipimo cha halijoto kisichotegemea tabia ya gesi fulani, bali kanuni za mashine za joto. Sifuri yake iliangukia palepale ambapo mistari ya gesi ilikuwa ikielekeza. Leo namba kamili ni 273.15. Katika swali letu, desimali hizo zinabadilisha jibu kutoka 300 hadi 299.98, ndiyo maana darasani 273 inatosha.

Isidhaniwe kwamba gesi halisi hufika kwenye ujazo wa sifuri. Naitrojeni, ambayo ndiyo sehemu kubwa ya hewa, hugeuka kimiminika kwenye nyuzi 196 chini ya sifuri, na hapo kanuni ya gesi imekwisha kazi yake. Ule mstari uliorefushwa kwa rula unaonyesha tabia ya gesi ilipokuwa bado gesi.

Mwanafunzi anaweza kulikamata kosa kabla ya msahihishaji, na hahitaji kikokotoo. Katika joto letu la kawaida, ambalo ni karibu kelvini 300, kila nyuzi moja huongeza karibu sehemu moja kati ya 300. Nyuzi 60 ni sehemu 60 kati ya 300, yaani moja ya tano. Moja ya tano ya 250 ni 50, kwa hiyo jibu lazima liwe karibu na 300. Jibu la 806 halihitaji hata kuangaliwa mara mbili. Na akiulizwa ni halijoto gani itakayoongeza ujazo wa gesi hiyo mara mbili, asikimbilie nyuzi 54. Ni kelvini 600, ambazo ni nyuzi 327.

Sifuri ya uongo haiko kwenye kipimajoto peke yake. Iko pia kwenye geji ya upepo ya fundi wa tairi. Geji ikisoma 0, tairi halina utupu ndani. Lina hewa ya presha sawa na ya nje, ambayo kwenye usawa wa bahari ni karibu 15 kwa kizio hichohicho cha geji. Geji huonyesha kilichozidi juu ya hapo. Tuseme asubuhi Dar es Salaam tairi lina upepo wa 30 kwenye nyuzi 27, na baada ya mwendo mrefu wa lami hewa yake imefika nyuzi 57, ukubwa wa tairi ukiwa haujabadilika sana. Kwa Selsiasi na namba ya geji utapata 63, ambayo ingemfanya dereva aruke nje ya gari. Ukitumia kelvini lakini ukaiacha namba ya geji ilivyo, utapata 33, na bado umekosea. Presha kamili ya asubuhi ni 30 na 15, yaani 45. Zidisha kwa 330, gawa kwa 300, unapata 49.5. Toa 15 za hewa ya nje, na geji itasoma 34.5.

Dereva anayeona 34.5 njiani na kupunguza upepo hadi irudi 30 ameondoa hewa ambayo tairi lilikuwa linaihitaji. Likipoa usiku hadi nyuzi 27, presha kamili ya 45 itashuka hadi karibu 41, na geji asubuhi itasoma kama 26. Ndiyo sababu presha inayopendekezwa na watengenezaji hupimwa tairi likiwa limepoa, kabla ya gari kuondoka.