Mwaka wa pili wa mkopo: deni limepungua kiasi gani?

Mwenye duka la vipuri amekopa benki shilingi 10,000,000 kwa miezi 36. Riba ni asilimia 1.5 kwa mwezi, nayo hutozwa juu ya salio linalopungua. Kila mwezi analipa 361,524. Mwaka wa pili unapokwisha, mhasibu anamuuliza: kati ya fedha ulizolipa mwaka huu, ngapi zimepunguza deni lenyewe na ngapi ni riba? Riba inaingia kwenye gharama za biashara. Iliyobaki ni deni lililolipwa.

Wengi wangeanza kuchora jedwali la mistari 36. Hakuna haja, kwani salio mawili tu yanatosha.

Siku yoyote baada ya kulipa, salio la deni ni sawa na thamani, kwa siku hiyo, ya marejesho ambayo bado hayajalipwa, baada ya kuondoa riba iliyomo ndani yake. Kwa hiyo kinachohitajika ni kiasi cha rejesho, riba ya mwezi na idadi ya miezi iliyobaki:

```
Salio = R × (1 − (1 + i)^−m) ÷ i
```

R ni rejesho, i ni riba ya mwezi, yaani 0.015, na m ni miezi iliyobaki.

Mwaka wa pili ni marejesho ya 13 hadi 24. Baada ya rejesho la 12, imebaki miezi 24, na kikokotoo kinatoa salio la 7,241,472. Baada ya rejesho la 24, imebaki 12, na salio ni 3,943,325. Toa la pili katika la kwanza: deni limepungua kwa 3,298,147. Mwaka huo amelipa jumla ya 4,338,288, kwa hiyo riba ni 1,040,141.

Kosa la kawaida liko kwenye namba ya kuanzia. Anayetaka kuhesabu kuanzia rejesho la 13 hushawishika kuchukua salio la baada ya rejesho hilo. Hapo sehemu ya deni iliyolipwa na rejesho la 13, shilingi 252,902, inaachwa nje. Salio la kuanzia ni la baada ya rejesho la 12, yaani kabla ya lile la kwanza linalohesabiwa.

Mwenye kompyuta anaweza kuhakiki kwa Excel:

```
=CUMPRINC(0.015,36,10000000,13,24,0)
```

Jibu litatokea na alama ya kutoa, kwa kuwa ni fedha inayotoka.

Kanuni hii inadai marejesho yawe sawa, riba isibadilike na pasiwe na mwezi uliorukwa. Mkopo ambao riba yake hukokotolewa juu ya kiasi chote cha awali hadi mwisho hauingii humu. Na kama mkopaji aliwahi kulipa ziada katikati, salio la benki halitalingana na la kanuni. Hesabu ianzie kwenye salio jipya alilopewa siku hiyo.