Sare Si Ushindi: Kusoma Picha Chache za Vidonda

Tuchukue mfano wa wagonjwa 10 wa kisukari wenye vidonda vya mguu. Kila kidonda kilipigwa picha siku ya kwanza ya kutumia bandeji mpya, kisha kikapigwa tena baada ya wiki 4. Picha zote 20 zilichanganywa na tarehe zikafichwa. Muuguzi asiyewajua wagonjwa aliipa kila picha alama, kuanzia 0 kwa kidonda kilichofunga hadi 4 kwa kidonda kibaya kabisa. Matokeo yalikuwa haya: wagonjwa 6 walipata nafuu, 1 alizidiwa, na 3 walitoka sare, yaani alama zao hazikubadilika.

Kwa kuwa kila mgonjwa analinganishwa na nafsi yake, kipimo kifaacho ni jaribio la ishara. Msingi wake ni huu: ikiwa bandeji haina athari, kila aliyebadilika angeweza kupata nafuu au kuzidiwa kwa nasibu tu, kama shilingi irushwavyo. Sare haielekei upande wowote, hivyo huondolewa katika hesabu. Wanabaki wagonjwa 7.

Shilingi ikirushwa mara 7, matokeo yanaweza kupangika kwa njia 128. Njia zenye aliyezidiwa mmoja au asiyekuwepo kabisa ni 8. Kwa kuwa bandeji ingeweza pia kudhuru, tunazihesabu pande zote mbili, na jumla ni 16. Basi 16 kwa 128 ni 0.125: nasibu peke yake ingeleta tofauti kubwa kama hii mara moja katika kila majaribio 8. Kiwango kilichozoeleka cha 0.05 hakijafikiwa.

Hapa ndipo mtafiti hushawishika. Akizihesabu sare 3 kuwa ushindi, ataandika kwamba wagonjwa 9 kati ya 10 "hawakuzidiwa", na hesabu itashuka hadi takriban 0.02. Picha ni zilezile, lakini hukumu imegeuka. Kosa ni kwamba kutozidiwa hakuna uwezekano wa nusu kwa nusu; kunajumuisha nafuu pamoja na sare.

Kuziondoa sare katika hesabu hakumaanishi kuzificha. Taarifa iseme wazi: 6, 1 na 3. Sare nyingi huonyesha kwamba alama tano hazitoshi kuona mabadiliko madogo. Rula ikiwekwa kando ya kidonda kila kinapopigwa picha, ukubwa wake hupimika kwa sentimita na sare hupungua.

Wala 0.125 haithibitishi kwamba bandeji haifai. Wagonjwa 7 ni wachache mno kutoa hukumu hiyo. Na hata hesabu ingekuwa ndogo, vidonda vingine hupona kwa matunzo ya kawaida, hivyo kundi la kulinganisha lingehitajika.

Basi ukisoma kwamba wagonjwa 9 kati ya 10 "hawakuzidiwa", uliza kwanza: wangapi walipata nafuu?