Pikseli Hii Iko Mbali Kiasi Gani na Ukuta?

Roboti inayobeba mizigo ghalani haitoshelezwi na ramani inayoonyesha tu kuta zilipo. Inataka kujua, kwa kila pikseli ya sakafu, ukuta wa karibu uko umbali gani.

Njia ya kijinga ni kupima kila pikseli dhidi ya kila ukuta, na kwenye picha kubwa hesabu hiyo haina mwisho. Mwaka 1966, Azriel Rosenfeld na John Pfaltz walionyesha kwamba kuipitia picha mara mbili kunatosha. Gunilla Borgefors wa Uswidi akaichambua kwa kina mwaka 1986 mizani inayotumika sana leo: hatua ya kwenda pembeni, juu au chini ni 3, ya mshazari ni 4. Mwishoni kila jibu hugawanywa kwa 3, hivyo kompyuta hujumlisha namba nzima tu.

Tuchukue gridi ya 4 kwa 4 yenye ukuta mmoja, mstari wa pili, safu ya tatu. Ukuta hupewa 0, kwingine kote namba kubwa mno, hapa `x`. Pito la kwanza huanza juu kushoto na kusoma kama tusomavyo kitabu. Kila pikseli huwatazama majirani wanne waliokwisha kupitiwa: wa kushoto na wale watatu wa juu. Huongeza 3 au 4 kwenye namba zao, kisha hubaki na iliyo ndogo kuliko zote, ikiwamo yake yenyewe.

```
x x x x
x x 0 3
x 4 3 4
8 7 6 7
```

Habari za ukuta zimeshuka, hazijapanda. Ndiyo maana pito la pili huanza chini kulia na kurudi kinyume, likitazama jirani wa kulia na watatu wa chini:

```
7 4 3 4
6 3 0 3
7 4 3 4
8 7 6 7
```

Kona ya chini kushoto ina 8, yaani 2.67 baada ya kugawanya; rula ingesema 2.83. Kona ya juu kushoto inasoma 2.33 badala ya 2.24. Kwa roboti, tofauti hiyo inavumilika. Kwa kipimo cha kitabibu, pengine isivumilike.

Makosa ya waandishi wa programu huwa mawili. Wengine husoma majirani kutoka nakala ya picha ya mwanzo, na umbali hausambai zaidi ya hatua moja. Wengine hutumia 255 kama namba kubwa ndani ya baiti moja: ukiongeza 3, inageuka 2, na ukuta wa uongo unachomoza. Kabla ya kuiamini programu yako, ijaribu kwa ukuta mmoja katikati ya gridi. Namba zisipolingana pande zote nne, kuna pito lenye kasoro.